Ugali wa uwele, tikiti maji na namba inayosomwa vibaya

Mwezi wa saba mwaka jana, uwele mpya ukiwa umeshaingia sokoni, mama mdogo wangu anayeishi Nkuhungu hapa Dodoma alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Mwanangu, ile orodha nimeifuata yote. Sembe nimeacha, tikiti nimeacha. Mbona sukari haishuki?"

Ana kisukari aina ya pili, huu ni mwaka wake wa sita, na anatumia vidonge vya metformini. Orodha aliyoisema ilimfikia kwenye simu kupitia kundi la kwaya: vyakula kama arobaini vimepangwa kwa rangi tatu, kijani, njano na nyekundu, kila kimoja na namba yake. Uwele ulikuwa kijani. Viazi vitamu kijani. Ugali wa sembe nyekundu, na tikiti maji nyekundu iliyokolea, namba 76. Mama mdogo ni mtu wa kushika maelekezo. Alinunua uwele, akaupepeta, akaupeleka mashineni, na sembe iliyobaki akaigawa kwa jirani. Wiki tatu baadaye mashine yake ya kupimia sukari, saa mbili tangu aanze kula chakula cha mchana, ilikuwa inamwonyesha milimoli 13.4 kwa lita, kesho yake 12.6, keshokutwa 13.1. Alikotoka ni kulekule.

Kazi yangu ni lishe, na orodha za namna hii nakutana nazo kila wiki. Nataka kusema mapema kwamba namba zilizomo mara nyingi si za kubuni. Ile 76 ya tikiti maji imo kweli katika majedwali ya kimataifa yaliyochapishwa mwaka 2008. Tatizo ni kwamba namba ile inajibu swali moja dogo, na mama mdogo alikuwa ameipa swali lingine kubwa zaidi.

Namba inavyopatikana

Mwaka 1981, David Jenkins na wenzake wa Chuo Kikuu cha Toronto walichapisha njia ya kulinganisha vyakula vya wanga kwa jinsi vinavyopandisha sukari ya damu. Waliiita fahirisi ya glaisemia, ile ambayo kwenye simu inaandikwa GI. Kabla ya hapo wagonjwa walikuwa wanaambiwa sukari ya mezani ni ya haraka na wanga wa nafaka ni wa taratibu, jambo ambalo kipimo kilionyesha si kweli: mkate mweupe ulipandisha sukari ya damu kuliko sukari yenyewe.

Kipimo chenyewe kinakwenda hivi. Wanatafutwa watu wasiopungua kumi, wazima, wasio na kisukari. Wanalala bila kula. Asubuhi kila mmoja anapewa chakula kinachopimwa, kiasi ambacho ndani yake kuna gramu 50 za wanga unaoweza kumeng'enywa, yaani nyuzinyuzi zimeshatolewa kwenye hesabu. Anatobolewa kidole kabla ya kula, kisha kila baada ya dakika 15 kwa saa ya kwanza, na kila nusu saa kwa saa ya pili. Vipimo vinachorwa kwenye grafu, na linapimwa eneo ambalo mstari wa sukari umelifunika juu ya pale mtu alipoanzia. Siku nyingine mtu huyohuyo anakunywa gramu 50 za glukosi kwenye maji na kupimwa vilevile. Eneo la chakula linagawanywa kwa eneo la glukosi, mara mia. Wastani wa watu wote ndiyo fahirisi. Ikifika 55 au chini yake chakula kinaitwa cha fahirisi ndogo, 70 na kuendelea ni kubwa, katikati ni ya kati.

Sasa rudi kwenye zile gramu 50, maana ndizo zilizomponza mama mdogo. Kila chakula kinapewa wanga sawa bila kujali kinakuja na maji kiasi gani. Ugali mgumu wa uwele unaobeba gramu 50 za wanga ni kama gramu 230, bonge linalotosha kwenye viganja viwili. Tikiti maji la kukupa gramu hizohizo ni kati ya gramu 700 na kilo nzima ya nyama yake nyekundu, ganda limeshatolewa. Aliyekula kwenye kipimo kile alikaa na bakuli la tikiti mbele yake asubuhi na akalimaliza. Hapa kwetu, ukienda kununua tikiti lililokatwa barabarani, unakula kipande kimoja au viwili, ukinawa umemaliza.

Ndiyo sababu mwaka 1997 watafiti wa Harvard walileta hesabu ya pili, mzigo wa glaisemia, GL. Inachukua fahirisi na kuizidisha kwa wanga ulio kwenye chakula ulichokula wewe:

mzigo = fahirisi × gramu za wanga ÷ 100

Kipande cha tikiti cha gramu 120 kina wanga wa gramu 6 hadi 9 kutegemea utamu wake. Zidisha kwa 76, gawa kwa mia: mzigo ni 5 hadi 7. Kwa sehemu moja ya chakula, mzigo wa 10 kushuka huhesabiwa mdogo, na wa 20 kupanda huhesabiwa mkubwa. Tikiti lililopakwa nyekundu kwenye orodha linaangukia upande mdogo kabisa.

Sahani ya Nkuhungu

Jumamosi nilikwenda na mizani ya jikoni. Nilimwomba apike kama anavyopika siku zote, asinionee haya wala asinifurahishe. Alipima kwa kikombe chake, nami nikapima kwa mizani: unga wa uwele gramu 400, maji karibu mililita 900. Alisonga mpaka ugali ukaachana na sufuria. Bonge zima lilikuwa na gramu 1,200, mvuke umechukua mililita mia hivi. Kwa hiyo kila gramu 300 za ugali ule zilibeba gramu 100 za unga. Hesabu hii mtu anaweza kuifanya nyumbani kwake mara moja akaishi nayo, kwa sababu kila mpishi ana ugumu wake wa ugali na haubadiliki sana.

Akapakua. Yeye gramu 540, mjukuu zilizobaki. Pembeni mlenda kwenye kisahani kidogo.

Gramu 540 za ugali ni gramu 180 za unga. Unga wa uwele, ukitoa nyuzinyuzi na maji yaliyomo, una wanga wa kumeng'enywa wa kama gramu 65 kwa kila mia. Kwa hiyo kwenye sahani ya mama mdogo kulikuwa na gramu 117 za wanga. Majedwali ya 2008 yanaweka uji wa jamii ya uwele na ulezi kwenye 67. Tukiichukua hiyo, mzigo wa sahani moja ni 78. Kumbuka kwamba watu wanaofuata hesabu hii huhesabu siku nzima ya chini ya 80 kuwa siku yenye mzigo mdogo. Yeye alikuwa ameimaliza saa saba mchana.

Nilimuuliza: enzi za sembe ulikuwa unapakua kiasi gani? Akanionyesha kwa mkono, kisha akalikata bonge na kusema, "Hapa." Gramu 390. Kwa ugumu uleule ni gramu 130 za unga. Sembe ina wanga zaidi kidogo, kama gramu 75 kwa mia, kwa hiyo gramu 98. Tukisema fahirisi ya ugali wa sembe ni 75, mzigo ni 73.

Alikuwa amehama kutoka chakula chekundu kwenda cha kijani, na mzigo ukapanda kutoka 73 hadi 78. Hata tukimpendelea uwele tukasema fahirisi yake ni 60, tunapata 70, tofauti ambayo hakuna mashine ya nyumbani itakayoiona. Nilipomuuliza kwa nini kipimo cha kupakua kimeongezeka, alinijibu jambo ambalo nimelisikia kwa wagonjwa wengi: "Si orodha imesema kijani? Kijani maana yake ruksa." Na tikiti aliloliacha kwa uchungu, angelazimika kula kati ya kilo 1.4 na kilo mbili kwa mkao mmoja ndipo lifikie mzigo wa ule ugali.

Hapa ndipo fahirisi inapodanganya bila kusema uongo. Kati ya vyakula vya nafaka tunavyokula Dodoma, fahirisi kwa wastani zinacheza ndani ya uwanja mwembamba, tuseme kutoka 60 na kitu hadi 80 na kitu. Kiasi tunachopakua kinacheza kutoka gramu 200 hadi 600. Mwenye nguvu kati ya hao wawili anajulikana.

Ugali hauna fahirisi moja

Mtu anaweza kusema: basi tutafute namba sahihi ya ugali, tuipige kwa kipimo chetu, kazi imeisha. Nami niliwahi kudhani hivyo nikiwa mwanafunzi. Ukifungua majedwali, vipimo vya ugali na uji wa mahindi vilivyochapishwa barani Afrika vinaanzia sabini na kitu na kwenda hadi kupita mia. Mahindi ni yaleyale. Kilichotofautiana ni namna yalivyosagwa, yalivyopikwa na maji kiasi gani, na ni kina nani waliokula.

Kusaga ndiko kunakobeba uzito mkubwa. Wanga ndani ya punje umefungwa kwenye kuta za chembe, na vimeng'enya vya tumbo vinapaswa kupenya kuta hizo kwanza. Jiwe la mashine limeshafanya kazi hiyo kabla hujala. Unga ukiwa laini kama poda, wanga unapatikana haraka, pumba ziwepo zisiwepo. Majedwali ya 2008 yanaonyesha jambo hili kwa mikate: mkate mweupe 75, mkate wa ngano isiyokobolewa 74. Watu wanaoambiwa wahamie dona wanatakiwa kuelezwa ukweli huu. Dona ina faida, ina nyuzinyuzi, vitamini za kundi B na madini ambayo sembe imeyaacha kinuni, na mimi mwenyewe naila. Lakini mwenye kisukari asitegemee kwamba dona iliyosagwa laini itamshushia sukari kwa kuwa tu ni dona.

Mahindi hayohayo yakibaki punje nzima, mambo hubadilika. Makande ni mfano mzuri, na tunao jikoni bila kwenda dukani. Punje imechemka, imelainika, lakini bado meno ndiyo yanayoivunja, na vipande vinafika tumboni vikiwa na kuta zao. Ongeza maharage, ambayo fahirisi yake kwa maharage mekundu ni 24, chini kabisa ya nafaka zote. Sitakupa namba ya bakuli la makande, kwa sababu inategemea uwiano wa mahindi na maharage na yamekaa motoni muda gani. Mwelekeo wake lakini hauna shaka.

Viazi vitamu ndivyo vilivyonishangaza zaidi nilipoanza kusoma mambo haya. Watafiti wa Jamaika walipima aina kumi za viazi vitamu kwa mapishi tofauti, wakachapisha mwaka 2011. Vilivyochemshwa viliangukia kati ya 41 na 50. Vilevile vilipochomwa au kuokwa, vilipanda hadi kati ya 79 na 94. Kiazi ni kilekile, shamba ni lilelile. Joto kavu la muda mrefu hugeuza sehemu ya wanga kuwa sukari na kuvunja umbo lake. Kwenye orodha ya mama mdogo iliandikwa "viazi vitamu" na rangi ya kijani, basi. Aliyechemsha asubuhi na chai, na aliyenunua vya kuchoma jioni, wote walisoma mstari mmoja.

Kiporo nacho kina habari yake. Ugali au wali ukipoa, sehemu ya wanga hujipanga upya na kuwa mgumu kwa vimeng'enya, na ukiupasha moto si wote unaorudi ulivyokuwa. Faida ipo ila ni ndogo, na wali uliolala nje ya friji una hatari ya bakteria ambayo haistahili kwa faida hiyo.

Na wewe si wastani

Fahirisi ni wastani wa watu kumi wazima. Mwaka 2016 kikundi cha watafiti wa Boston kilitoa majibu ya kazi ambayo natamani kila mtengeneza orodha aisome. Walichukua watu 63 wakawapima kwa chakula kimoja tu, mkate mweupe, wakarudia na kurudia. Wastani ulikuwa 62. Lakini mtu yuleyule, mkate uleule, siku tofauti, majibu yake yalitofautiana kwa karibu asilimia 20, na kati ya mtu na mtu tofauti ilikuwa karibu asilimia 25. Maana yake mkate mmoja ungeweza kuwa kijani kwa huyu, njano kwa yule, nyekundu kwa mwingine, na hata kwako ukabadilika rangi kati ya Jumatatu na Alhamisi. Usingizi, mwendo uliotembea jana, ulichokula usiku uliopita, vyote vinaingia.

Kwa hiyo ukiona orodha inakuambia chakula fulani ni 64 na kingine 68, na kwamba cha kwanza ni bora, usipoteze muda. Tofauti ya namna hiyo haipo. Tofauti ya maharage kwa 24 na wali mweupe kwa 73 ipo, na itaonekana kwa karibu kila mtu.

Kuna mtego mwingine unaopaswa kutajwa, ingawa sitakaa nao sana. Fahirisi ndogo si cheti cha afya. Sukari ya mezani ina fahirisi ya 65, chini ya mkate, kwa sababu nusu yake ni fruktosi ambayo haionekani kwenye kipimo cha glukosi ya damu. Inakwenda kwenye ini, na ikizidi huko ina madhara yake. Soda inasoma 59, rangi ya njano, wakati chupa moja ina sukari ya gramu 35 hivi na haina kingine chochote. Viazi vilivyokaangwa kwenye mafuta mengi vinaweza kusoma chini kuliko vya kuchemsha kwa sababu mafuta yanachelewesha tumbo kumwaga chakula. Mtu akipanga milo yake kwa namba hii peke yake, anaweza kujikuta kwenye chipsi na soda akiwa na dhamiri safi.

Kilichomo kwenye sahani pamoja

Hatuli ugali mtupu. Tonge linachovywa, na kinachochovywa kinabadilisha safari ya wanga. Protini na mafuta huchelewesha tumbo, na protini huiamsha kongosho kutoa insulini. Hesabu ya mzigo haijui lolote kati ya haya. Inajumlisha wanga wa kila chakula kwa fahirisi yake na kutoa jibu ambalo kwa mlo mchanganyiko mara nyingi linazidi kile damu inachoonyesha.

Mlenda wetu una nafasi yake hapa. Jenkins yuleyule wa fahirisi, miaka mitatu kabla yake, mwaka 1978, alionyesha pamoja na wenzake kwamba nyuzinyuzi zinazopunguza kupanda kwa sukari ni zile zenye utelezi, na kwamba ukizivunja utelezi ukaisha, nguvu yake hupotea. Wao walitumia guar, utelezi wa mbegu za jamii ya kunde. Utelezi hugeuza chakula tumboni kuwa mzito kama gundi, glukosi ikachelewa kufika kwenye ukuta wa utumbo. Mlenda unavutika kwa sababu ya nyuzinyuzi za kundi hilohilo. Ila kisahani kidogo cha mlenda mbele ya nusu kilo ya ugali hakiwezi kubeba mzigo huo, na magadi yakizidi, mwenye presha anaongeza sodiamu.

Basi Jumapili tulipanga sahani upya. Hatukubadili unga, uwele ulibaki. Ugali tuliupunguza hadi gramu 270, na ili asihitaji mizani kila siku tulitafuta kibakuli cha plastiki cha robo lita: anaushindilia, anaugeuza juu ya sahani, ndiyo kipimo chake. Gramu 270 ni gramu 90 za unga, wanga gramu 58, mzigo 39. Tukaongeza maharage yaliyoiva gramu 150, kikombe kimoja hivi, yenye wanga wa gramu 25 na mzigo wa 6. Mlenda tuliuongeza mara mbili na kuutia karanga zilizosagwa. Jumla ya mzigo kwenye karatasi ni 45 badala ya 78. Kwa macho, sahani ilikuwa imejaa kuliko mwanzo, na hilo kwake lilikuwa na maana, maana mara tatu huko nyuma alikuwa ameshindwa kupunguza ugali kwa sababu ya njaa ya saa kumi.

Damu ndiyo inayojibu

Hesabu ya karatasi tuliiweka kando tukaanza kupima. Anapima kabla ya kula, na tena saa mbili tangu tonge la kwanza, kwa siku tatu zenye mlo uleule. Kipimo kimoja cha baada ya kula hakisemi kitu ukikosa cha kabla: 10 ya mtu aliyeanzia 9 ni habari njema, 10 ya aliyeanzia 5 ni habari nyingine. Siku za uwele wa gramu 540 alikuwa anaanzia 7 na pointi na kumalizia 13. Siku tatu za sahani mpya zilikuwa 7.6 kwenda 9.6, 7.4 kwenda 10.1, na 7.7 kwenda 9.2. Lengo ambalo wengi wenye kisukari hupewa ni kubaki chini ya 10 baada ya kula.

Alitaka kujua kwa nini siku ya pili imekuwa mbaya. Haikuwa mbaya. Kiwango cha kimataifa kinachokubaliwa kwa mashine hizi kinaruhusu kukosea hadi asilimia 15 juu au chini. Kwa sukari ya 9.6, mashine nzima isiyo na hitilafu inaweza kuandika 8.2 au 11. Kwa hiyo 9.2, 9.6 na 10.1 ni jibu moja lililoandikwa mara tatu, wakati 13 na 9.6 ni majibu mawili tofauti. Anayelinganisha vyakula nyumbani atafute tofauti ya pointi mbili tatu, inayojirudia.

Siku ya nne alinipigia kwa hofu: 16.8, na hakuwa amekula chochote cha ajabu. Nilimuuliza alikuwa anafanya nini kabla ya kupima. Alikuwa anachambua zabibu za jirani, vidole vinanata. Alikuwa amefuta kidole kwa spiriti. Nikamwambia anawe kwa maji na sabuni, akauke, apime kidole kingine. Ikasoma 9.3. Sukari ya tunda ikibaki kwenye ngozi inachanganyika na tone la damu, na tone lenyewe ni dogo mno kiasi kwamba chembe ndogo ya juisi inatosha kuliharibu. Watafiti wa Japani walilipima jambo hili kwa machungwa, kiwi na zabibu, wakakuta pamba yenye spiriti haitoshi, maji ndiyo yanayoondoa. Kwa sisi tunaoishi kwenye mkoa wa zabibu, hili ni la kulikumbuka kabla mtu hajaongezewa dozi.

Jambo moja nilimuuliza daktari wake kabla ya kupunguza ugali, na yeyote anayetaka kufanya hesabu hizi aulize kwanza. Metformini peke yake ni nadra kuishusha sukari kupita kiasi. Insulini na vidonge vya kundi la glibenklamaidi vinaweza. Dozi iliyopangwa kwa sahani ya gramu 540 ikikutana na sahani ya gramu 270, mtu anaweza kutetemeka, kutoka jasho na kuchanganyikiwa. Sukari ikishuka chini ya 3.9, orodha ya rangi inageuzwa kichwa chini: kinachotakiwa ni cha fahirisi kubwa, gramu 15 za glukosi au vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji kidogo, kisha kupima tena baada ya dakika 15. Maharage wakati huo hayatafika kwa wakati.

Sasa kibakuli cha robo lita kinakaa juu ya sufuria ya ugali, na mjukuu ameshazoea kwamba ukoko na bonge lililobaki ni lake. Tikiti limerudi, kipande kimoja baada ya chakula. Wiki iliyopita tulijaribu makande kwa uzito unaolingana na wanga wa sahani yake mpya, siku tatu mfululizo, tukapata 8.4, 8.9 na 8.1. Tofauti na uwele ni ndogo, ila imejirudia mara tatu, na tumekubaliana kurudia tena mwezi ujao kabla ya kuiamini. Kwa sasa mama mdogo anasema makande atayala Jumatano na Ijumaa, siku nyingine anataka ugali wake.